Wageni Laki Moja wa Mama Kalondu

Watu hufikiri ukurasa ukifikisha wafuasi laki moja kuna kengele inalia mahali. Hakuna kengele. Namba inakaa elfu tisini na tisa na vipande mpaka unatamani kuitupa simu chooni, halafu asubuhi moja unaamka imeandikwa laki. Jioni imerudi chini tena, kwa sababu mtandao umefagia akaunti bandia. Ndiyo maana nilimkataza mume wangu Nyamai kutoa barua ya shukrani siku ile ile namba ilipogeuka. Nilimwambia angoje ikae. Ukiwashukuru watu laki moja, na wao wakiangalia pale juu waone tisini na tisa, utachekwa kuanzia hapa Ikutha hadi Mombasa.

Ukurasa wenyewe unaitwa Jiko la Kalondu. Kalondu ni mama mkwe wangu. Yeye anapika na kuongea, mimi nashika simu, nakata video, nabandika. Nyamai ndiye aliyeufungua, na nywila anayo kama mimi, lakini ana duka la simu Kibwezi, analala huko na kuja nyumbani Jumamosi. Kwa hivyo kazi ni yangu na sifa tunagawana, si unajua mambo ya ndoa.

Wengi hudhani watu walitufuata kwa sababu ya muthokoi. Wapi. Mahindi ya kukobolewa kwenye kinu kila mtu wa huku anayajua. Walimfuata kwa sababu ya swali lake. Kila jioni namsomea maoni ya watu, na kila jina nikilitaja, Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu, anauliza, "Huyu ni wa kwa nani?" Basi namjibu mtu kwa niaba yake, namwandikia swali hilo hilo, na mtu anajibu. Msichana anayefanya kazi za nyumba Riyadh anaandika jina la baba yake, la nyanya yake, la kijiji, mpaka la mto wanakochota maji. Mwaitu akisikia anasema, ahaa, hao nawajua, mwambie amekaribishwa. Watu wazima wamelia humo ndani.

Mimi mwenyewe aliniuliza swali hilo siku Nyamai aliponileta. Nilisimama mlangoni na kanga yangu mpya, nikamwambia mimi ni wa kwa Munyao, Migwani, akasema basi ingia ule.

Kuna sheria moja katika ukurasa huu, na aliiweka yeye: hakuna neno linalotoka kwa jina lake kabla hajasomewa akasema, "Tuma." Hata tangazo la mistari miwili. Nyamai huiona sheria hiyo ni ya kuchelewesha mambo, lakini hajawahi kuivunja.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaninyima raha. Mwaitu alikuwa anasahau. Si kusahau miwani. Anatia chumvi, anatia tena, anatia tena. Katikati ya kupika ananiuliza kama baba yake Nyamai amerudi sokoni, na huyo tulimzika kabla binti yangu Mbula hajazaliwa. Video ya dakika tatu nilikuwa naichuna kutoka kwa saa nzima, kipande hapa, kipande pale, naunganisha mahali anapogeuza shingo ili isionekane. Nilimwambia Nyamai. Akasema, "Ni uzee tu, Mama Mbula. Mbona kwa video yuko sawa?" Yule mama aliyekuwa akimwona huko Kibwezi nilikuwa nimemshona mimi.

Namba ilipokaa wiki nzima bila kushuka, Nyamai alikuja na barua yake. Nitasema ukweli, aliiandika vizuri. Anajua kwamba kwenye simu barua ndefu hukatwa baada ya mistari michache na mtu hufungua iliyobaki akipenda, kwa hivyo aliweka asante mstari wa kwanza, si salamu za kuzunguka. Alikuwa amerudi kwenye machapisho ya mwanzo kabisa, akatafuta waliotoa maoni tukiwa hatujulikani, akawataja kwa majina na kwao. Hakujisifu. Alichagua picha moja ya Mwaitu akicheka, na mwisho akaweka swali moja tu la kujibiwa, kwa sababu ukiuliza matatu watu hawajibu hata moja. Ingebandikwa juu ya ukurasa, imepangiwa kutoka Jumapili mchana watu wakitoka kanisani.

Shida ilikuwa katikati. *Na sasa yanayokuja,* aliandika. Kila Jumamosi Mwaitu atapika moja kwa moja, hewani. Na mwezi wa kumi na mbili kutakuwa na siku ya wafuasi, Kibwezi, waje wamwone, wale kwa mkono wake. *Karibuni wote, nyumbani ni kwenu.*

"Hewani huwezi kukata," nilimwambia.

"Kukata nini?"

"Nyamai, usinipandishe mori. Nimekwambia mara ngapi?"

"Watu laki moja wamengoja kusikia kinachofuata. Niwaambie nini? Hakuna?"

"Usiahidi kitu ambacho mama yako hawezi. Ukishaandika wameshapiga picha ya barua yako. Hata ukirekebisha, historia ya marekebisho iko pale, mtu anafungua anaona ulivyosema kwanza."

Akasema tumsomee mwenyewe, aamue. Na hapo alinishika, kwa sababu sheria ni sheria.

Tulimsomea asubuhi, amekaa kwa kigoda chake nje ya jikoni. Nyamai alisoma kwa sauti nzuri. Mwaitu alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nyamai alipofika kwa *laki moja*, mama yake akamwambia rudia. Alipofika kwa *karibuni wote*, mama akasimama.

"Wote?"

"Wote, Mwaitu."

"Tuma," akasema, na akaingia jikoni.

Nyamai alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tukaondoka, yeye kwenda kupanga barua kwenye simu chini ya kivuli, mimi nikaenda kufunga mbuzi. Nilikaa huko mpaka jua likawa kichwani. Niliporudi nilisikia kinu.

Tangi letu dogo la jikoni, lile ninalolijaza kwa punda kutoka mtoni na ambalo hutufikisha katikati ya wiki, lilikuwa tupu. Maji yote yalikuwa kwenye sufuria, beseni, ndoo, mpaka karai la kuchanganyia simiti. Na juu ya moto, pale kwenye dari ambapo moshi hupita, mahindi ya mbegu hayakuwepo. Hizo ndizo mbegu zetu. Tunazichagua wakati wa mavuno, tunazitundika moshini wadudu wasiziguse, na hakuna mtu wa nyumba yoyote huku anayezigusa hata kama watoto wanalia njaa. Mvua ilikuwa inangojwa wakati wowote. Mwaitu alikuwa amezipukuchua zote, amezilowesha, na anazitwanga. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Saidia, usisimame. Watu laki moja, nani atawapikia? Wamekaribishwa na hakuna kitu jikoni. Mnataka niaibike?"

Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mbegu haziliwi.

Nyamai akafika mlangoni. Akatazama dari, akatazama kinu. Nilimwona akielewa, uso ulimshuka. Halafu, nisingeamini kama nisingekuwa hapo, mkono wake ukainuka na simu. Akaanza kurekodi. Nadhani mkono ulienda wenyewe. Mama mzee anatwangia wageni laki moja kwa kinu kimoja: hata mimi nilijua hiyo ingezunguka nchi nzima kabla ya giza. Nilifunika kamera kwa kiganja.

"Hii hapana."

"Mutanu."

"Hii hapana, Nyamai. Nitakuacha."

Sijui kama ningemwacha. Lakini alishusha simu, akaifuta hiyo video mbele yangu, akaifuta tena kule zinakokaa zilizofutwa. Akaiondoa na barua kwenye ratiba ya Jumapili, ikabaki rasimu tu. Kisha akanipa simu na kusema, "Andika wewe. Mimi siwezi." Akachukua mchi mkononi mwa mama yake na akaendelea kutwanga, mwanamume mzima, huku analia, kwa sababu mahindi yalikuwa yameshalowa na hayakuwa mbegu tena.

Asante yake niliiacha ilivyokuwa, na majina ya wale wa kwanza. Katikati niliandika kwa jina langu:

*Mimi ni Mutanu, mkaza mwana wake, mkono ambao hamjawahi kuuona. Mama Kalondu amechoka na anasahau. Hamtamwona tena kwenye video, na hakutakuwa na siku ya kukutana. Nitapika mimi alivyonifundisha, na yeye atakuwa amekaa pembeni, nje ya picha. Anayetaka kuondoka aondoke kwa amani. Tafadhali msije nyumbani, kwa sababu akiwaona atataka kuwapikia.*

Swali la mwisho sikuweka. Nilikwenda kumsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Huyo mama ananitia huruma," akasema. "Ana watoto?"

"Anao."

"Basi tuma."

Nilituma. Nikaibandika juu. Mpaka jioni maoni yalikuwa yamejaa kiasi kwamba nilishindwa kuyasoma yote, ya Riyadh, ya Kitui mjini, ya watu ambao mama zao wako hivyo hivyo. Namba nayo ikaanza kushuka. Watu wengi hulia na wewe kisha wanabonyeza kitufe cha kuacha kukufuata. Wala siwalaumu, walikuja kumwona yeye. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumerudi elfu tisini na kitu, na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juu ya shamba letu tupu.

Kumsomea maoni sikuacha. Jioni ya mvua hiyo, ilipotulia, tulikaa jikoni, sufuria ya muthokoi wa mbegu zetu ikiwa motoni, bado tunaula. Nilisoma jina, akauliza huyu ni wa kwa nani, nikamwambia. Nikasoma jingine. La tatu aliniacha nimalize, akanitazama sana, kwa adabu, vile mtu humtazama mgeni ambaye amekaa muda mrefu bila kujitambulisha.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe ni wa kwa nani?"

Niliweka simu chini.

"Wa kwa Munyao, Migwani."

"Migwani ni mbali. Umekuja kwa sababu ya ile simu?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Asante kwa kunifuata," akasema. "Umekula?"

Nilikuwa nimeshakula. Nilimwambia bado, akainuka polepole kutafuta sahani.