Jicho Halikujua Siku ya Kliniki

Mwenzenu, mie sijawahi kumwona daktari akinyamaza vile.

Na tulikwenda kutafuta miwani tu, wallahi! Mama yangu, Bi Hamisa, ndiye mchora hina na piko wa Tandika nzima. Bi harusi wa kule kwetu akiingia ukumbini, ujue mkono wake umepita kwa Mama. Sasa Jumamosi ile kachora ua, ua likaenda upande, na shangazi wa bi harusi akaropoka mbele za watu, "Bi Hamisa, hili ua au pweza?" Ukumbi mzima ukacheka. Mama naye akacheka, lakini kufika nyumbani hakula. Akaniambia mistari imeingia ukungu, na kisogo kinamgonga kila akiamka.

"Uzee huo, Mama," nikamtania. "Twende ukavae miwani, uonekane profesa."

"Profesa bibi yako," akasema, lakini akavaa baibui.

Kliniki ya macho iko juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba hizo, unapanda huku umeshika ukuta. Daktari ni Dokta Nasim, Mhindi mzaliwa wa hapahapa Temeke, Kiswahili chake cha mtaani kinaweza kukuacha hoi. Akamtilia Mama matone ya kupanua mboni, tukasubiri. Kisha akazima taa, akavaa tochi yake ya kichwani, akasogeza lenzi karibu na jicho.

"Tazama juu, mama. Haya, tazama sikio langu. Hili zuri au la kushoto?"

Mama akacheka. Dokta Nasim hakucheka. Alikuwa ameshaanza kunyamaza. Akahamia jicho la pili, akarudi la kwanza, akatazama tena la pili. Mie nikasogeza kiti karibu, kwa sababu mtu wa masihara akiacha masihara, kuna kitu.

Akampeleka kwenye kamera, akapiga picha, akanigeuzia skrini. "Sista, njoo uone. Hii ndiyo retina ya mama yako, yaani pazia la nyuma ya jicho."

Nilitegemea kitu kisafi cha rangi ya chungwa. Nikaona michirizi ya damu, imesambaa kama ndimi za moto. Katikati yake mabaka meupe, kama mtu amechambua pamba akaitupia humo. Na lile duara ambalo mshipa wa fahamu unaingilia jichoni lilikuwa limevimba mpaka kingo zake hazionekani.

"Haiumi?" nikauliza.

"Haiumi kabisa. Ndiyo ubaya wake." Akamgeukia Mama. "Mama, una presha?"

"Ninayo, mwanangu, lakini imetulia. Kila kliniki nesi ananisifia."

Dokta Nasim akamfunga kile kitambaa cha presha mkononi. Mashine ikavuma, ikatulia, ikasoma mia mbili ishirini na nne kwa mia moja thelathini na mbili. Akahamisha mkono mwingine. Ikawa ileile.

"Mashine mbovu hiyo," Mama akasema.

"Mashine inaweza kuwa mbovu. Lakini macho yako yote mawili yameniambia kabla yake." Akaonyesha kwenye picha. "Ona mishipa hii, imesinyaa kama uzi, na hapa inapopishana na mingine imeikandamiza. Hii ni kazi ya miaka. Hizi damu, pamba na uvimbe ni za majuzi, presha imepanda vibaya. Mama, jicho ndiyo sehemu pekee naweza kuona mishipa ya damu bila kumpasua mtu. Kama humu iko hivi, naogopa figo, naogopa moyo, naogopa ubongo. Miwani hakuna leo. Unakwenda hospitali ya rufaa sasa hivi."

"Saa kumi nina bi harusi Kiwalani."

"Bi harusi atapata mwingine. Dawa unamezaje?"

"Nameza," Mama akasema. Halafu hakuitazama sura ya mtu yeyote. "Choo kiko wapi?"

Daktari akashika simu kuwapigia wa hospitali. Mie nikamfuata Mama, maana kwa yale matone alikuwa haoni hata miguu yake. Akajifungia. Nikasimama mlangoni. Nikasikia vidonge vinachomolewa kwenye karatasi yake: tak. Tak. Tak.

"Mama?"

Tak.

Nikasukuma mlango, komeo lenyewe la msumari, likaachia. Mama alikuwa ameegemea sinki, vidonge vimejaa kiganjani, kingine kiko ulimini.

"Mama, unafanya nini?"

"Tusigombane. Nikifika huko hospitali presha iwe imekaa sawa, wanirudishe. Si ndivyo nifanyavyo kila kliniki?"

"Kila kliniki vipi?"

Akaniambia palepale, juu ya ndoo ya maji. Kwamba vile vidonge, kimoja kinamjaza miguu, kingine kinampeleka chooni kila mara. Na msimu wa harusi anashika mkono wa bi harusi saa nzima nzima, piko mbichi, ataacha ua nusu aende kukojoa mara ngapi? Kwa hiyo vinakaa kabatini, na karatasi moja anaiweka mkobani kwa dharura kama hii. Zikibaki siku tatu kliniki ifike, anaanza kumeza kwa nguvu. Nesi anapima, anamsifia, naye Mama anarudi nyumbani kuvifungia.

Na mie niliyesoma chuo, akili iliniambia nini? Iliniambia: si vizuri basi, ameze, ishuke! Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea mdomoni.

Sijui nini kilinishika. Nikapiga ukelele, "Dokta!"

Dokta Nasim alikuja mbio, akamshika Mama kiwiko. "Umemeza ngapi?"

"Kimoja."

"Kimoja basi, kinatosha. Tupa hivyo vingine." Alikuwa anahema. "Mama, sikiliza. Ubongo wako umeshazoea huo msukumo mkubwa. Ukiuangusha ghafla, damu haifiki. Utapooza, au huo mshipa wa jicho uliovimba utakosa damu, uamke huoni kabisa. Presha ya namna hii inashushwa pole pole, watu wanakuangalia. Na huko waambie ukweli. Wakiamini unameza kila siku, watadhani dawa zimeshindwa, watakupa kali zaidi."

Mama akafungua kiganja. Vidonge vilidondoka kwenye sinki kimoja kimoja.

Bajaji ilitufikisha hospitali ya rufaa. Kwenye chumba cha dharura, daktari kijana, Dokta Theonest, akauliza harakaharaka, "Dawa za presha unameza kila siku, mama?"

Mama akanitazama kwa yale macho yake yenye mboni kubwa kama za paka. Nikambana vidole.

"Simezi," akasema. "Nimeacha tangu kliniki ya mwezi uliopita. Na kabla ya hapo nilikuwa nameza kliniki ikikaribia tu. Leo nimemeza kimoja, sasa hivi, chooni."

"Asante," kijana akasema, na ilikuwa asante ya kweli.

Wakachukua damu, wakachukua mkojo. Majibu yalipokuja, Dokta Theonest akavuta kiti, nikajua hapo hapo. Figo zinavuja protini, akasema, zimeumia, ila bado zinafanya kazi. Zitabaki kiasi gani, na macho yatarudi kiasi gani, wataona wiki zijazo.

Sasa Mama kalala, dripu mkononi, mashine inambana mkono yenyewe kila baada ya muda. Mia mbili na kumi. Mama anafumba macho. Mia mbili na nne.

"Inashuka?" ananong'ona.

"Inashuka, Mama."

"Haishuki mbio?"

Mashine inaanza tena kuvuma. Mie namba ikikawia naogopa, na ikitokea naogopa, na sijui nimwombe Mungu namba ipi.