Mashuka ya Nélida, Njiwa wa Evaristo

Sipendi wakili anayeingia ofisini kwangu na faili nene. Maana yake keshajiandaa kwa vita, na kwangu hapigani mtu. Bustos aliingia na faili nene.

"Mama Irma, tumalize haraka," alisema hata hajakaa. "Tuandikie hati kwamba hatukuelewana, nikafungue kesi."

"Kaa chini, Bustos. Hata salamu hujanipa."

Hapa Buenos Aires humburuzi jirani yako mahakamani hivi hivi. Kwanza mnapita kwa mpatanishi, nyinyi wenyewe na mawakili wenu. Mkishindwana, nawapa hati na kesi inafunguliwa. Zamu hii jina langu lilitoka kwa kura. Na mahakama haifanyi hivyo kwa huruma, jamani. Mafaili yamejaa mpaka kwenye korido, kesi ya jirani na jirani inakula miaka, na mmoja akishashinda, wote wawili wanarudi kulala wametenganishwa na ukuta uleule.

Aliyelalamika ni mteja wa Bustos, Bi Nélida Quiroga wa mtaa wa Mataderos, anayefua na kupiga pasi mashuka ya zahanati mbili. Anayaanika juu ya paa. Paa la pili, hatua nne tu kutoka hapo, ni la Mzee Evaristo Lombardi, mstaafu, na banda lake la njiwa arobaini wa mashindano, wale wanaofunguliwa mbali washindane kurudi kwao. Sina haja ya kueleza njiwa wanafanya nini juu ya mashuka meupe.

Mwaka uliopita mawakili walijadiliana kwa simu wakakubaliana njiwa wahamie kwa mdogo wake Evaristo, huko Quilmes nje ya jiji. Wakahamishwa. Wakarudi. Ndiyo maana tuko hapa.

Niliwaambia ninavyowaambia wote: mimi si jaji, sitasema nani ana haki, na yatakayosemwa humu hayatatumika mahakamani. Wakatia saini kuitunza siri hiyo. Nikampa Nélida nafasi, na kweli aliitumia.

"Aliniahidi! Wiki tatu nimelala raha mustarehe. Siku ya ishirini na mbili naanika, nageuka, hao! Wamejipanga ukingoni kama wamekuja kunicheka. Huyu mzee ananiona zuzu. Mwongo mkubwa!"

"Mzee Evaristo?" nikauliza.

"Sina la kusema."

"Si mnaona? Hana!"

Nikawatenganisha. Hiyo ni kazi yangu pia, kukaa na kila upande peke yake, na ninaloambiwa huko silivushi mpaka mwenyewe aniruhusu. Nilianza na Evaristo na wakili wake, binti mgeni kazini aliyekuwa akiandika kila kitu. Nikawamiminia mate, ile chai yetu chungu ya majani, tukapokezana kikombe kimoja.

"Wale si kuku, mama," Evaristo alisema. "Njiwa wa mashindano akishajua kwao, umpeleke utakako, ukimfungulia anarudi. Mdogo wangu aliwafungia wiki tatu. Alipofungua mlango, hajamaliza sigara mbili, nikawaona juu ya paa langu."

"Ulijua hilo ulipokubali?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Mawakili walinipigia simu kila siku! Nikasema labda safari hii. Ujinga wangu."

Binti aliacha kuandika. Mtu anayefuga njiwa miaka hamsini alikuwa ametoa ahadi ambayo njiwa wake hawawezi kuitimiza, na mawakili wawili hawakumuuliza swali hata moja kuhusu ndege wenyewe.

"Na jaji akiamuru banda liondoke?"

Alitazama mikono yake. "Nitawanyonga. Mmoja mmoja, mwenyewe. Njiwa aliyezoea kuruka nimfungie kwenye sanduku mpaka afe? Siwezi."

"Bi Nélida analijua hili?"

"Halijui, na usimwambie. Sitaki huruma ya mtu aliyeniita mwongo."

Nilitoka pale mdomo umefungwa. Nikaingia kwa Nélida.

"Unataka nini, Bi Nélida?"

"Banda liondoke."

"Hilo Bustos keshaliandika. Wewe unataka nini?"

"Mashuka yakauke meupe, basi! Zahanati moja imenirudishia mzigo mara mbili. Mara ya tatu wanatafuta mfuaji mwingine. Nina miaka sitini na moja, Mama Irma, nitaanza kazi gani?"

"Yanakaa kambani saa ngapi?"

Alinishangaa. "Saa nne asubuhi mpaka saa tisa."

Nikageuka kwa Bustos. "Ukifungua kesi leo, hukumu lini?"

"Mtaalamu akague, mashahidi... miaka mitatu. Kukiwa na rufaa, zaidi. Lakini tunadai na fidia."

"Na hiyo miaka mitatu mashuka yakauke wapi?"

Nélida alimgeukia wakili wake taratibu. "Mbona miaka hukuniambia?" Kisha akaniuliza mimi, "Kwani nikishinda, hao ndege wanapelekwa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo kooni. Nikalimeza.

"Muulize mwenyewe."

Nilirudi kwa Evaristo kumwambia jirani yake ana swali la kumuuliza. Akainua mabega. Nikawakalisha tena meza moja.

"Jaji akiliondoa banda," Nélida alisema, "njiwa wanakwenda wapi?"

Mzee alimgeukia.

"Hawaendi popote," alisema. "Ukimfungulia anarudi. Quilmes walirudi wenyewe. Nilijua watarudi, nikaona aibu kukwambia. Jaji akisema waondoke, nitawanyonga."

"Wote?"

"Wote."

Nélida aliweka mkono mdomoni. Halafu akapiga meza. "Mjinga wewe! Mwaka mzima nakuchukia bure!"

"Si bure. Mashuka yalichafuka."

Nikauliza njiwa wanaruka saa ngapi. Wakati wowote, alisema Evaristo, ila wakiwa na njaa hurudi upesi wakisikia filimbi na kopo la mahindi. Kuanzia hapo mimi nilinyamaza, wao ndio walioongea. Njiwa kuruka kabla ya saa tatu na nusu asubuhi na baada ya saa tisa alasiri. Jumamosi za mashindano ndege hurudi kabla ya adhuhuri, basi siku hizo Nélida ataanika saa sita. Nikayaandika yote kuwa mkataba. Kwenye faili la Bustos hakukuwa na saa hata moja. Liliomba banda livunjwe na fidia ilipwe, na jaji angeamua aliloombwa tu.

"Na akivunja tena ahadi?" Bustos aliuliza.

"Mkataba huu una nguvu kama hukumu. Akiuvunja, unakwenda mahakamani kuomba utekelezwe. Haya, saini."

Akasaini, faili lake likiwa bado limefungwa.

Jumamosi ya tatu baada ya mkataba, siku ya mashindano, simu yangu ililia. Nélida.

"Mama Irma, saa sita imefika. Njiwa mmoja hajarudi."

"Anika. Mkataba unakuruhusu."

"Najua unaniruhusu! Nauliza, mashuka yakipepea hayatamtisha asitue?"

"Mimi nitajuaje? Muulize Evaristo."

"Nimemuuliza. Eti nianike, ni haki yangu." Akavuta pumzi. "Anasema hivyo huku macho yapo angani."

"Na mzigo wa zahanati?"

"Nimewaambia utachelewa. Wamefoka."

"Uko wapi sasa?"

"Huku juu kwake. Kamba zangu ziko tupu, mashuka kwenye beseni yamelowa chapachapa. Huyu mzee hajala. Huyo njiwa akifika nitakupigia."

Alinipigia saa kumi na robo.