Wino Ndani ya Mkunjo

Mama Apolline alitoka Munigi kwa miguu, akanipa simu yake. Kulikuwa na picha ya barua ya mumewe, aliyepotea vitani mwaka 1996; mtu alidai ameihifadhi tangu hapo.

Mimi natunza nyaraka za parokia. Niliikuza picha. Karatasi ilikuwa kahawia sawasawa, ilhali uzee huanzia kingoni. Penye mkunjo wino ulikuwa umesambaa ndani ya ufa. Katika barua kuukuu, wino hukatika hapo.

"Uongo mtupu, mama! Walikunja kwanza, wakaandika baadaye."

"Najua," akasema. "Mume wangu hakujua kuandika."

"Basi umeniletea ya nini?"

"Nilitaka mutu anisomee. Ni barua yangu ya kwanza."

Nilikuwa sijasoma hata neno moja.