Sita ya Uwamahoro

Mwalimu Placidia alikuwa amechoka hata kukasirika hawezi. Kusahihisha kumekwisha, alama ziko kwenye kompyuta, na wastani wa Hisabati wa Kidato cha Pili umegoma pale pale, 29.4. Daraja F, kama muhula uliopita. D inaanzia thelathini.

Mkuu wa shule, Kaijage, aliinamia kioo cha kompyuta.

"Huyu Uwamahoro mwenye sita ndiye anayekuangusha. Mwekee X, kwamba hakufanya. Mwenye X haingii kwenye wastani. Wanabaki thelathini na tisa, unapata thelathini kamili."

"Lakini alifanya, mkuu."

"Mimi ndiye nitakayesimama kwenye kikao cha kata kujibu F ya pili mfululizo. Nani atauliza habari ya sita?"

Placidia hakuwa na nguvu za kubishana. Akaweka X, akachapa, akabandika, akaenda zake nyumbani kujitupa kitandani na viatu vyake.

Asubuhi wazazi walijaa kwenye ubao wa matangazo. Laurensia, mama yake Uwamahoro, alifuata mstari wa mwanawe kwa kidole mpaka kwenye Hisabati, kisha mpaka mwisho, penye nafasi ya darasani. Hapakuwa na kitu. Aliyekosa mtihani wa somo hapangiwi nafasi.

"Habari za kazi, mwalimu. Hii X maana yake nini?"

"Ni kwamba... hakufanya mtihani."

Mama akamgeukia binti yake. Hakupaza sauti.

"Nimekuacha usichume kahawa, nimechuma peke yangu na mgongo huu, kumbe ulikuwa unazurura. Sare hiyo utaivua tukifika nyumbani. Shule basi."

Uwamahoro alimtazama tu mwalimu aliyepokea karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Placidia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama, alifanya. Kosa ni langu."

Akatoa kalamu, akakata X, akaandika 6. Penye nafasi akaandika 40 kati ya 40. Kisha akashuka chini kwenye wastani wa masomo, penye Hisabati na jina lake mwenyewe, akakata 30.0 na kuandika 29.4, D akaigeuza F. Kaijage alikuwa mlangoni mwa ofisi akiangalia. Na aangalie.

Laurensia alisogeza uso karibu na ubao.

"Sita katika ngapi?"

"Katika mia, mama."

"Na hii arobaini, maana yake wa mwisho?"

"Wa mwisho kabisa."

Mama akamfunga binti yake kifungo cha shati kilichokuwa wazi shingoni.

"Basi alikuwepo," alisema. "Twende ukanisaidie kahawa. Shule ikifunguliwa utarudi."