Slaidi ya Tatu

Mjomba wangu ana kampuni ya kufua shuka za hospitali na hoteli, na mimi ndiye ninayemtafutia wateja. Mtu akikuambia kazi hiyo ni maneno tu, mlete akae nami wiki moja. Maneno ninayo tele. Kazi ni kumnyamazisha Mjomba.

Slaidi zake alizozoea kuwaonyesha wateja zilikuwa ishirini na mbili. Ya kwanza ni picha yake ya ujanani, kasimama kando ya mashine yake ya kwanza kama bwana harusi. Kuanzia hapo ni mwaka huu tulinunua gari, mwaka ule tulihamia jengo jipya, hiki cheti, huyu mheshimiwa tukimpa mkono. Shuka za mteja zilitajwa kwenye slaidi ya kumi na tisa, na kufika hapo mteja mwenyewe keshachungulia simu yake mara tatu. Tulikosa zabuni tatu mfululizo kwa mtindo huo, na kila mara Mjomba alisema wale watu hawajui kazi nzuri.

Basi ilipokuja barua ya hospitali moja kubwa, vitanda mia mbili na arobaini, nikamwambia safari hii slaidi natengeneza mimi. Barua ilitaja matatizo mawili: shuka zinachelewa kurudi, na nyingine hazirudi kabisa. Nikasema tutaanza na hayo hayo, kwa maneno yao wenyewe. Kisha tueleze tutayatatuaje, na wao watajuaje kwamba yametatuliwa. Historia yetu itakaa kwenye slaidi moja mwishoni, na humo kitabaki kile tu kinachothibitisha kwamba kazi yao tunaiweza. Mjomba alinuna siku mbili. Aliniuliza kama namwonea aibu. Nikamjibu sina aibu, nina njaa, na picha yake nikaifuta palepale akiniangalia. Nina ulimi mimi, nakubali.

Barua peke yake haikunitosha. Anayeandika barua kwa kawaida siye anayetandika vitanda. Nikaomba ruhusa ofisi ya ugavi, nikapewa mchana mmoja wa kuzunguka wodini. Wengi walinijibu juujuu, eti hali si mbaya, wanajitahidi. Ila wodi namba nne nilimkuta Sista, msimamizi wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na yeye alivuta kiti akanikaribisha. Akaniambia wodi yake ina vitanda thelathini na shuka safi zinazofika asubuhi hazizidi ishirini.

"Wagonjwa wengine wanalala juu ya godoro tupu," alisema, "na kwenye ripoti tunaandika zimetimia, maana tukiandika zimepungua tunaulizwa sisi zimekwenda wapi."

Niliandika neno kwa neno. Moyo ulinidunda kwa furaha, Mungu anisamehe. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe, na walioandika barua hata hawakulijua. Nikamshukuru, nikamwita dada, nikaondoka karibu nikimbie.

Maneno yake yakawa slaidi ya tatu, kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika Wodi Namba 4, kwa sababu kitu chenye namba watu hukiamini zaidi. Jina lake sikuliweka. Nilijiona mwangalifu kwelikweli.

Siku ya siku tukapandishwa ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye meza ndefu na projekta iliyokuwa ikinguruma. Walikuwepo mkurugenzi wa hospitali, mhasibu wake na mkuu wa ugavi. Halafu wakaingia wasimamizi wawili wa wodi, maana mkurugenzi alitaka watumiaji wa shuka nao wasikie. Mmoja wao alikuwa Sista. Aliponiona akatabasamu, nami nikatabasamu, wala halikunijia lolote kichwani.

Slaidi ya kwanza, kuchelewa kwa shuka: mkurugenzi akasogeza kiti mbele. Ya pili, shuka kupotea: mkuu wa ugavi akaiweka simu chini. Mjomba akaninong'oneza kwamba wanasikiliza, kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kusikilizwa. Nikabonyeza ya tatu.

Chumba kizima kilikaa kimya. Nilidhani ni kimya cha kuguswa, nikakiacha kiendelee. Ndipo nikamwona Sista. Alikuwa ameganda, macho ukutani, na ule uso wenye tabasamu ulikuwa umekauka kabisa.

"Ripoti za wodi namba nne nazipitisha mimi kila Jumatatu," mkurugenzi alisema taratibu. "Mwaka mzima zimetimia. Nani kasema haya?"

Mimi, mwenye ulimi, nikababaika kwamba ni maelezo ya jumla tu, kutoka wodi mbalimbali. Hakuinua hata sauti. Akanyoosha kidole kwenye namba niliyoiandika mwenyewe, akaniuliza kama hiyo nayo ni ya jumla. Chini ya meza Mjomba alinikanyaga mguu, sijui kwa kunitaka niseme au ninyamaze. Nilikuwa bado natafuta uongo mwingine wakati Sista alipoinuka.

"Ni mimi, mheshimiwa. Na ripoti nilisaini mimi."

Mkurugenzi akamwambia atoke, amsubiri ofisini kwake. Sista akakirudisha kiti chake mezani vizuri, akatoka, mlango ukajifunga. Nilitegemea mkutano uvunjike. Niliombea uvunjike. Badala yake mkurugenzi akanigeukia, akasema niendelee.

Nami nikaendelea. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba mkono ulibonyeza na mdomo ukasoma. Slaidi ya nne ilikuwa jawabu letu kwa tatizo la tatu. Kila asubuhi shuka zitahesabiwa wodini mbele ya muuguzi, pande zote mbili zitasaini, na zikipungua muuguzi atajaza fomu ambayo wa kuulizwa ni sisi wafuaji, si yeye. Niliisoma yote kwa sauti, na kile kiti kitupu kilikuwa mbele yangu. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema hicho ndicho walichokuwa wakikikosa.

Mkataba tukapewa palepale kwa mdomo, barua ingefuata. Kwenye korido Mjomba alinikumbatia, machozi yakimlengalenga, akaapa kwamba slaidi zake za zamani hataki kuziona tena. Nikamwambia atangulie kwenye gari.

Nusu saa baadaye nilimkuta Sista wodini, ametoka kwa mkurugenzi, kwenye kijichumba cha wauguzi, akitoa vitu vyake kabatini na kuvipanga kwenye mfuko: viatu vya akiba, kikombe, sweta. Alikuwa amesimamishwa kazi tangu saa ile mpaka uchunguzi uishe. Nilishtuka upya, kana kwamba nilitarajia kingine. Nikaanza kulia, nikimweleza kwamba sikujua, kwamba jina sikuliweka, kwamba nia yangu ilikuwa njema, na kila neno lilinitia aibu kuliko lililotangulia. Akaniacha nimalize. Kisha akafunga mfuko wake.

"Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza kuandika ninachosema. Ungerudi tu kuniuliza, mdogo wangu. Ningekwambia weka, ila toa namba ya wodi."