Barua Yenye Mkia

Kwenye chumba cha usuluhishi cha ofisi ya kazi kulikuwa na meza moja, viti vinne na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Upande mmoja wa meza alikaa Mama Pasi, mfuaji wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, mikono yake imechujuka kwa sabuni. Upande wa pili alikaa afisa wa kampuni inayoendesha sehemu ya kufulia ya hospitali hiyo, tai imemkaba hadi koo. Kati yao alikaa msuluhishi, na pembeni ya msuluhishi, mkalimani.

Barua iliyowaleta hapo ilikuwa ukurasa mmoja tu, imeandikwa kwa lugha ya makao makuu. Mama Pasi alikuwa anasoma na kuandika Kiswahili bila taabu. Lugha hiyo nyingine hakuijua hata salamu. Mara mbili afisa alikuwa amempelekea barua hiyo kazini na kumwambia, "Ni uhamisho tu mama, saini hapa tuendelee na kazi." Mara mbili Mama Pasi alijibu kwamba pasi yake ina moto na mikono yake haijakauka. Ndipo wakafikishana hapa.

"Dada," afisa alimwambia mkalimani huku akimsogezea barua, "usijichoshe. Mweleze kwa kifupi tu. Anahamishwa, anasaini, sote tunarudi kazini kabla ya chai."

Kwa kifupi! Mkalimani alihisi neno hilo likimpanda kichwani kama pilipili. Baba yake, mpasua mawe, aliwahi kuelezwa barua kwa kifupi. Karani alitazama karatasi iliyojaa maandishi pande zote mbili akasema, "Wanasema unahamishwa, weka dole gumba hapa." Maneno sita. Baba akaweka dole. Mwezi ulipoisha akaambiwa hana kazi, alijiuzulu mwenyewe, na alama ya dole ni hii hapa. Karatasi ile mkalimani bado anayo. Aliikunja alipokuwa na miaka tisa, na hadi leo hajaisamehe.

Hakuna chuo kilichomfundisha kazi hii. Alijifundisha jikoni, gazeti la lugha hiyo ya wakubwa limeegemezwa kwenye sufuria, akilisoma kwa sauti kwa Kiswahili. Alichukua rula akaufunika kila mstari aliokuwa anausema, ili jicho lisipate pa kung'ang'ania, litangulie mstari wa mbele. Mwanzoni alikuwa anakwama kama gari kwenye tope. Baada ya miaka miwili, mdomo ulikuwa unasema mstari wa tatu na jicho limeshapiga hodi kwenye wa nne.

"Mheshimiwa," alimwambia msuluhishi, "naomba dakika moja niisome kimya kabla ya kuitamka."

"Barua ya ukurasa mmoja?" afisa alicheka. "Nilidhani tumeletewa mtaalamu."

"Mpishi mzuri huonja kabla ya kupakua," msuluhishi alisema. "Dakika unayo."

Alianza na kichwa cha barua: nani anaandika, kwa nani, lini. Kisha akarukia chini kabisa, kwenye saini, maana barua za wakubwa huficha meno mkiani. Kisha akarudi katikati na penseli, juu ya nakala yake. Akaizungushia tarehe. Akapiga mstari chini ya kila kitenzi. Hapo akaona mambo yalivyo: barua nzima ilikuwa salamu mbili na sentensi moja, sentensi ya mistari saba, ndefu kama foleni ya maji. Ilianza na sifa, ikapita kwenye tathmini, ikafika kwenye nafasi mpya. Msomaji akishapumua kwa furaha, inamgeuka.

Anayeifuata sentensi kama hiyo neno kwa neno hutamka nusu ya kwanza kwa bashasha, kisha hufika kwenye mkia mdomo umeshatoa ahadi. Huanza kurudi nyuma, "yaani, samahani, nilimaanisha", na msikilizaji hajui tena ashike lipi. Mkalimani aliichana kwa mikato ya penseli mahali ambapo wazo moja linaishia na jingine kuanza. Kisha akaweka namba: hili kwanza, hili baadaye. Sharti lililokuwa limebanwa katikati akaliweka mbele ya matokeo yake.

"Niko tayari."

Akatamka salamu, kisha akaingia kwenye sentensi, bila haraka, sauti moja, kama mtu anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

"Umefanya kazi kwa muda mrefu na kwa uzuri, na barua hii inazingatia hilo. Tathmini ilifanywa tarehe kumi na nne. Mkalimani anajisahihisha: tarehe kumi na mbili. Umeandaliwa nafasi mpya kwenye karakana ya mashine."

Nani kaandaa, barua haikusema, naye hakumzulia mtu. Jicho lilikuwa limeshatangulia mistari miwili.

"Unaweza kuandika pingamizi juu ya nakala hii kabla ya kuisaini. Ukisaini bila kuandika pingamizi, saini yako itahesabiwa kwamba umejiuzulu kwa hiari kazi unayoifanya sasa. Itahesabiwa pia kwamba umekubali ajira mpya. Ajira hiyo inaanza bila kuhesabu miaka iliyotangulia."

Feni ikalalamika.

"Haiwezekani!" Afisa alisimama. "Mheshimiwa, huyu anapindua barua! Pingamizi liko katikati kabisa, yeye kalitanguliza. Sentensi moja kaifanya saba!"

Msuluhishi alizijua lugha zote mbili, ila kanuni zilimkataza kuwa mkalimani wa shauri lake mwenyewe. Akavaa miwani, akaivuta nakala ya afisa.

"Mkalimani, jibu."

"Mpangilio nimeubadilisha, mheshimiwa. Mzigo ni uleule, nimeuhamisha bega tu. Kama kuna neno nililoongeza au kuliacha, anionyeshe ni lipi."

Msuluhishi alipitisha kidole mstari kwa mstari, taratibu, mpaka mwisho. Afisa akakaa kabla kidole hakijafika.

"Sifa zimo. Tarehe imo. Pingamizi limo," msuluhishi alisema. "Na miaka, mzee, nayo imo. Nyie ndio mlioiandika."

Mama Pasi alimgeukia mkalimani, akamshika mkono. "Mwanangu, nisaini, nisisaini?"

Hapo ndipo palipomchoma. Ulimi ulikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na umri wa miaka thelathini. Lakini karani wa baba yake naye alijiona anaijua barua kuliko mwenye barua. Mkalimani akamgeukia msuluhishi, akalitafsiri swali lilivyo kwa ajili ya kumbukumbu za shauri.

"Uamuzi ni wako, mama," msuluhishi alisema. "Ukitaka, utasomewa tena."

"Nisomewe tena."

Akasomewa tena, kwa mpangilio uleule, na safari hii tarehe ilitoka sawa mara ya kwanza. Mama Pasi alisikiliza macho ameyafumba, kama anayetafuta doa kwenye shuka jeupe. Kisha akanyoosha mkono.

"Kalamu."

Aliandika juu ya nakala, kwa herufi kubwa za mtu asiyetaka kuulizwa mara mbili. Akasaini chini yake. Akaisukuma karatasi katikati ya meza.

"Haya mwanangu," alisema, "na yangu wasomee hao."

Mkalimani aliitazama: *Nakataa kujiuzulu. Miaka yangu kumi na tisa nakwenda nayo.* Jicho lilifika mwisho kabla hajavuta pumzi. Hakukuwa na cha kukata, hakukuwa na cha kuhamisha, na mkia haukuwepo. Akaitamka kwa lugha ya makao makuu, ilivyo, kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji, huku msuluhishi akiandika na afisa akiilegeza tai yake.