Magunia ya Mzee Luhende

Msimamizi aligonga meza kwa kifutio cha ubao na kutangaza kwamba zimebaki dakika kumi na mbili. Evelina aliweka kalamu chini. Alikuwa amemaliza maswali yote ya hisabati, jambo ambalo halikumtokea katika mitihani miwili iliyopita, na sasa hakujua aanzie wapi kuyapitia.

Ukweli ni kwamba alijua. Shida ni kwamba moyo ulikuwa na mpango wake.

Moyo ulikuwa umeganda kwenye swali la kumi na nne, lile la duara na pembe nne, lenye alama kumi, la kuthibitisha. Lilikuwa limemla dakika ishirini na tano, na bado alihisi kuna mahali ameteleza. Kila alipotazama dirishani, akaona mawingu ya Novemba yanakusanyika juu ya ziwa, alichokiona ni lile duara. Alishaanza kulifunulia ukurasa.

Huu ulikuwa mwaka 1996, na Evelina alikuwa na miaka ishirini na tano, mtahiniwa wa kujitegemea kati ya vijana waliomwita dada kwa heshima ya kuudhi. Barua ya chuo cha ualimu ilikuwa ndani ya sanduku lake: nafasi ipo, alete C ya hisabati. Mwakani umri ungekuwa umepita. Akikosa, anarudi Nansio kuanika dagaa na mama yake. Kuanika dagaa si aibu hata kidogo, ila yeye alikwisha kufundisha watoto wa darasa la pili kama mwalimu wa kujitolea, na akaonja utamu wa mtoto anayeelewa. Baada ya hapo dagaa hawatoshi.

Aliyemfundisha hisabati ni Mzee Luhende wa Kisesa, ambaye hakuwa mwalimu. Miaka ishirini na moja alikuwa mkaguzi wa pamba kwenye chama cha ushirika. Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, wakawa wanachukua pamba safi ya daraja la kwanza na pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, kwa pamoja, alimradi gari lijae. Mkaguzi wa nini tena? Mzee akapunguzwa kazi, akanunua chaki, akageuza sebule yake kuwa darasa.

Siku ya kwanza alimpa Evelina daftari jipya na kumwambia asiandike ndani yake jibu hata moja lililo sahihi.

"Humu ni makosa tu, mwanangu. Kila karatasi ya zamani unayofanya, unaandika umekosea wapi, na umekosea mara ngapi kati ya ngapi."

"Shikamoo yangu yote hii, mwalimu, halafu unanipa daftari la aibu?"

"Marahaba. Sikiliza. Gari likija na magunia mia mbili, sikuwa nikifungua yote. Ningefungua yote, jua lingezama. Nilikuwa na kumbukumbu: kituo hiki huchanganya mchanga, kile humwagia maji ili mzigo uwe mzito, kile kingine watu wake ni waungwana. Nilianza na cha mchanga. Kijana mgeni kazini yeye hufungua gunia kubwa kuliko yote, kwa sababu linamtisha."

Kwa miezi minane Evelina alijaza daftari. Lilipofika mwisho lilisema mambo ambayo hakuyapenda. Maswali ya kuthibitisha, yale ya kumkosesha usingizi, alikosea moja kati ya tisa. Kufungua mabano yenye alama ya kutoa mbele yake, sita kati ya ishirini. Na kusoma kosaini kwenye kitabu cha majedwali, kitu ambacho mtoto wa kidato cha pili anakifanya anapiga miayo, saba kati ya kumi na moja.

Kosa lenyewe la kosaini lilikuwa moja tu. Kwenye jedwali la saini, dakika za pembe zinazozidi unazitafutia tofauti pembeni na kuijumlisha. Kwenye kosaini unaitoa, maana pembe ikikua kosaini inapungua. Evelina alilijua hilo, angeweza kulisimulia usingizini, lakini mkono wake ulishazoea kujumlisha.

Dakika kumi na moja. Kupitia swali la kumi na nne kungechukua nane. Kupitia kosaini ni nusu dakika. Alivuta pumzi, akalifunika lile duara, na akalichukia daftari la Mzee Luhende kwa dhati.

Swali la tisa. Mtumbwi umeondoka ufukweni kwa mstari mnyoofu wa mita 400, ukifanya pembe ya nyuzi 60 na dakika 10 na ufuko. Umesogea mita ngapi kwa kufuata ufuko, kwa kukadiria hadi mita kamili? Jibu lake lilikuwa mita 200, safi, limepigiwa mistari miwili. Kati ya majibu yote ya siku ile, hili ndilo alilokuwa na hakika nalo kuliko yote.

Alifungua jedwali upya, kidole juu ya karatasi. Nyuzi 60 dakika 6: 0.4985. Zimebaki dakika nne za pembe, tofauti 10, yaani 0.0010. Kwenye karatasi yake kulikuwa na 0.4995.

Alikuwa amejumlisha.

Akatoa: 0.4975. Mara 400: mita 199. Akapiga mstari mmoja juu ya jibu la zamani, akaandika jipya.

Mabano yalikuwa katika maswali matatu, na yalichukua dakika tano. Yote yalikuwa salama. Katika swali la tatu alitamani kubadilisha jibu kwa sababu tu sehemu ile ilikuwa mbaya kwa sura, lakini alikumbuka sharti la mzee: usikate kitu mpaka uweke kidole penye kosa. Hakupata pa kuweka kidole. Akaliacha.

Zilibaki dakika nne. Swali la kumi na nne halitoshi humo, na kulianza ni kuliacha katikati, limevurugika. Alilinganisha tu herufi za mchoro wake na zile za kwenye swali, akakuta amezinakili sawasawa. Kengele ikalia.

Nje, Okech, kijana aliyekaa nyuma yake, alikuwa anacheka na wenzake. Yeye dakika zote za mwisho alizimalizia kwenye lile duara. "La mtumbwi ni mia mbili, dada, si ndiyo? Hilo walitupa bure." Evelina alifungua mdomo, kisha akamwambia hakumbuki vizuri. Mtihani wa biolojia ulikuwa kesho, na hakuona faida ya kumnyima usingizi.

Matokeo yalipotoka alikwenda Kisesa na karatasi mkononi. C. Mzee Luhende aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Gunia la kwanza ulikuta nini?"

"Mchanga, mwalimu. Nilijumlisha."

"Lete daftari."

Alilileta. Alidhani mzee ataandika pongezi. Mzee akakata saba kati ya kumi na moja, akaandika nane kati ya kumi na mbili.

"Lakini nilirekebisha," Evelina alisema.

"Mchanga ulikuwemo. Ukienda kufundisha watoto, usiwaambie umepona."

Kisha akageuza daftari upande wa nyuma, ambako hapakuwa na maandishi, akatia tarehe na sahihi yake yote, ile ndefu ya ukaguzi. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili tangu mtu amwombe kuiweka mahali. Chini yake aliandika neno moja: Safi. Evelina alilia hapohapo sebuleni, na hakujificha.